Mistari miwili haitoshi: kutafuta mahali kwa picha tatu za safari moja

Nilipewa picha tatu za safari ya ziwani na swali moja: nyumba waliyolala wasafiri iko wapi? Ya kwanza ilipigwa kilimani, na ndani yake nyumba ni doa la bati linalometa kati ya miti. Ya pili ilipigwa botini, na paa limechungulia kwa kona tu. Ya tatu ilipigwa kwenye baraza la nyumba yenyewe kuelekea ziwani, kwa hiyo nyumba haimo kabisa. Mwenye picha alikuwa amezichunguza moja moja bila mafanikio, lakini zikisomwa pamoja zinatosha.

Kabla ya kuuliza kamera ilielekea wapi, ni lazima kujua ilikuwa wapi. Kwa hilo natafuta vitu viwili ambavyo ardhini vimeachana sana, ila kwenye picha kimoja kimesimama mbele ya kingine. Katika picha ya kilimani, ncha ya gati imeangukia chini kabisa ya mnara wa taa ulioko kisiwani. Vyote viwili vinaonekana kwenye picha za setilaiti. Basi nachora mstari kutoka mnarani, unapita kwenye ncha ya gati na kuendelea hadi nchi kavu. Kamera ilikuwa juu ya mstari huo. Bomba la moshi la kiwanda, lililolingana sawia na ukingo wa rasi, likanipa mstari wa pili. Mistari hiyo ilikutana kwenye njia ya miguu ukingoni mwa kilima. Naipenda njia hii kuliko zote kwa sababu haijali lenzi wala ukubwa wa picha.

Hesabu inaanza tunapogeukia lile doa la bati. Faili lilikuwa na upana wa pikseli 4032, na ndani yake `FocalLengthIn35mmFormat`, yaani urefu wa fokasi ukilinganishwa na filamu ya milimita 35, ilisoma 26. Kwa picha ya uwiano wa 4:3, upana unaolingana na kipimo hicho ni takriban milimita 34.6. Mnara ulikuwa kwenye pikseli ya 1000 kutoka kushoto, paa kwenye ya 3200. Katikati ya picha ni pikseli ya 2016, na f ni urefu wa fokasi kwa pikseli:

```
f     = 4032 × 26 / 34.6 ≈ 3030
mnara = atan((1000 − 2016) / 3030) ≈ −18.5°
paa   = atan((3200 − 2016) / 3030) ≈ +21.3°
```

Kati yao kuna karibu nyuzi 40. Kwenye ramani, mnara uko nyuzi 62 kutoka kaskazini ukitazamwa kutoka pale kilimani, kwa hiyo paa liko kwenye nyuzi 102. Hesabu hii rahisi inafaa pale kamera ilipokuwa imenyooka na vitu viko karibu na upeo wa macho. Tena kosa la nyuzi 1 tu ni mita 35 hivi ukifika kilomita 2.

Mahali boti ilipokuwa nilipapata vilevile, na mstari wake kuelekea paa ukaukata ule wa kilimani kwa pembe karibu ya mraba, jambo zuri. Mistari inayokutana kwa pembe nyembamba hutawanya kosa mbali sana. Wengi huishia hapo wakaweka alama kwenye ramani. Lakini mistari miwili isiyo sambamba lazima ikutane mahali fulani, hata kama mmoja ni wa uongo. Wa tatu ndio unaosema kama kuna ukweli.

Wa tatu ulitoka barazani. Katika picha ile, mwisho wa kisiwa umelingana na ncha ya rasi, hivyo ukivuta mstari huo kurudi nchi kavu, ni lazima upite barazani. Ulipita mita 120 mbali na makutano.

Ili kumjua mkosaji, nilitumia hesabu ileile kutabiri mahali pa bomba la moshi katika kila picha. Kilimani lilikuja sawa. Botini lilikosea nyuzi 4 hivi. Nikatazama vipimo: picha ya botini ilikuwa 3412 × 2559, ndogo kuliko wenzake. Ilikuwa imekatwa pembeni, na ukikata picha, katikati yake si katikati ya lenzi tena. Dawa yake ni kuachana na kitovu: nilichukua alama mbili zinazojulikana, moja kila upande wa paa na karibu nalo, nikapima paa liko wapi kati yao.

Sasa mistari mitatu ikafunga pembetatu ndogo, upana wake kama mita 40. Ndani yake, mapaa mawili ya bati, moja juu ya jingine mtelemkoni.

Hapo pembe hazina la kusema tena, inabidi kuangalia kisichoonekana. Mtu akiwa kwenye nyumba ya juu, paa la nyumba ya chini lingeziba kipande cha ziwa mbele yake. Picha ya barazani ina nyasi, ukuta wa mawe, kisha maji. Ilibaki hofu moja, kwamba nyumba ya chini huenda ilijengwa baada ya safari, lakini picha ya setilaiti ya mwaka uliotangulia safari inayaonyesha mapaa yote mawili, na ukuta wa mawe uko mbele ya lile la chini. Wamelala nyumba ya chini.