Sekunde kati ya mmweko na ngurumo: unapima umbali hadi wapi?

Kanuni yenyewe ni fupi. Ukiona mmweko wa radi, anza kuhesabu sekunde. Ukisikia ngurumo, acha kuhesabu, kisha gawanya kwa tatu. Jibu ni umbali kwa kilomita. Kazi yangu ni uangalizi wa hali ya hewa, na kanuni hii naulizwa mara nyingi kama ni ya kweli. Ni ya kweli. Lakini wengi wanaoitumia wanaamini wamepima umbali hadi mahali radi ilipopiga ardhi, na hapo ndipo pana jambo la kueleza.

Kwanza hiyo tatu imetoka wapi. Mwanga husafiri kilomita moja kwa muda wa sehemu tatu hivi za milioni ya sekunde, kwa hiyo kwetu mmweko na tukio lenyewe ni kitu kimoja. Sauti ni ya polepole. Hewa ikiwa na nyuzi sifuri za Selsiasi, sauti huenda mita 331 kwa sekunde, na kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka huiongezea takriban mita 0.6. Kwenye nyuzi 26 inafika karibu mita 347 kwa sekunde. Sekunde tatu za mwendo huo ni zaidi kidogo ya kilomita moja, na kosa hilo dogo halina madhara. Mwaka 1738 wanasayansi wa Akademia ya Sayansi ya Paris walitumia njia hii hii wakiigeuza: walifyatua mizinga usiku kutoka sehemu ambazo umbali wake walishaupima, wakatazama mwako, wakangoja mlio, na hivyo wakapata kasi ya sauti. Sisi tunaijua kasi, tunatafuta umbali.

Wako wanaohesabu sekunde moja kuwa kilomita moja. Hilo ni kosa la hatari, maana radi iliyo umbali wa kilomita tatu wataiweka kilomita tisa.

Sasa turudi kwenye radi yenyewe. Mkondo wa umeme unapopita, hewa iliyo kwenye njia yake hupata joto la takriban nyuzi 30,000 kwa muda mfupi mno. Hewa hiyo hutanuka ghafla na kuisukuma ile inayoizunguka, na msukumo huo ndio unaotufikia kama ngurumo. Sauti hutoka kwenye njia nzima kwa urefu wake wote, kuanzia ndani ya wingu hadi chini, pamoja na matawi. Njia hiyo huwa na urefu wa kilomita kadhaa, imejaa kona, na mara nyingi sehemu kubwa yake imelala kiubavu ndani ya wingu ambako hatuioni. Kwa kipimo cha masikio yetu, njia yote hutoa sauti kwa wakati mmoja. Kinachotofautiana ni muda wa kufika: sehemu iliyo karibu nawe inasikika kwanza, iliyo mbali inasikika mwisho. Ndiyo maana mmweko wa chini ya sekunde moja huzaa ngurumo ya nusu dakika.

Tuchukue mfano mmoja tuufanyie hesabu. Joto ni nyuzi 26. Mmweko unaonekana, na baada ya sekunde 6 unasikika mlio mwembamba wa kuchanika, kama shuka inayopasuliwa. Sekunde ya 9 kinakuja kishindo kikubwa. Kisha ngurumo inaendelea kuvuma na kufifia hadi inakatika sekunde ya 26. Zidisha kila muda kwa 347. Mlio wa kwanza umetoka mita 2,080 hivi kutoka ulipo. Kishindo kimetoka kilomita 3.1. Uvumi wa mwisho umetoka kilomita 9. Kwa hiyo radi hiyo moja ilikuwa na ncha iliyo kilomita mbili kutoka kwako na nyingine kilomita tisa, na urefu wake haupungui kilomita saba.

Ipi kati ya hizo namba ndiyo umbali wa mahali ilipopiga ardhi? Huwezi kujua kwa sikio peke yake. Inawezekana iligusa ardhi pale pale kilomita 2.1. Inawezekana pia sehemu ya karibu ilikuwa tawi lililoning'inia angani, na mguu wa radi ukashuka kilomita nne au tano kutoka kwako. Inawezekana hata haikugusa ardhi kabisa, maana radi nyingi huanza na kuishia mawinguni. Wingu likiwa juu ya kichwa chako na radi ikapita ndani yake kilomita tano juu, utahesabu sekunde 15 na kudhani dhoruba iko mbali, kumbe umesimama chini yake.

Hata hivyo namba ya kwanza ina thamani kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mahali pa kugusa ardhi ni sehemu ya njia ya radi, na sauti ya kwanza hutoka kwenye sehemu iliyo karibu kuliko zote. Kwa hiyo mahali hapo hapawezi kuwa karibu kuliko namba uliyoipata. Kwenye mfano wetu ninaweza kusema bila wasiwasi kwamba radi haikupiga ardhi ndani ya kilomita mbili. Zaidi ya hapo sisemi.

Hoja hii inasimama tu kama umesimamisha hesabu kwenye sauti ya kwanza kabisa, na hapa watu wengi hukosea kwa sababu sikio husubiri kishindo. Kishindo hutokea pale kipande kirefu cha njia kimekaa kukukingama, hivyo sauti za urefu wake wote zinakufikia kwa pamoja. Kipande kinachoelekea kwako au kinachokwenda mbali nawe hutuma sauti yake kidogo kidogo, na unasikia uvumi tu. Sauti kubwa haina uhusiano wa lazima na ukaribu. Aliyengoja kishindo kwenye mfano wetu atasema kilomita tatu, na atakuwa ameisogeza radi mbali kwa kilomita nzima.

Makosa ya mkono na akili katika kuhesabu ni madogo kuliko hayo. Kuchelewa kwako kushtuka unapoona mmweko kunakaribia kulingana na kuchelewa kwako unaposikia ngurumo, kwa hiyo vinafutana. Kuhesabu kwa mdomo ni shida zaidi, maana mtu mwenye hofu huhesabu haraka. Kila sekunde ya ziada ni mita 350 zisizokuwepo. Saa ya simu inatosha kabisa. Ukirekodi video unaweza kuitazama picha kwa picha na kupata muda kwa usahihi wa sehemu ndogo ya sekunde, ingawa usahihi huo hauondoi swali la ni sehemu ipi ya radi uliyoipima.

Kosa linaloharibu hesabu kweli ni kuoanisha mmweko na ngurumo isiyo yake. Dhoruba ikiwa imechangamka, tuseme mimweko imetokea sekunde ya 0, ya 12 na ya 24, kisha ngurumo inasikika sekunde ya 30. Ni ya mmweko upi? Ikiwa ni wa kwanza, radi iko kilomita 10. Ikiwa ni wa pili, kilomita 6. Ikiwa ni wa tatu, kilomita 2. Mimi huanza na tabia ya sauti. Hewa hunyonya sauti nyembamba haraka kuliko nzito, kwa hiyo radi ya kilomita mbili huanza na mlio mkali wenye ncha, na ile ya kilomita kumi hufika ikiwa imebaki uvumi mzito usio na mwanzo wazi. Sauti ikiwa ya katikati, sibahatishi. Nangoja mmweko uliotengwa, yaani usiotanguliwa na mwingine kwa dakika nzima, ndipo napima. Mimweko ikifuatana bila nafasi, njia hii imefika mwisho wake, na dhoruba ya namna hiyo haistahili kupimwa na mtu aliye nje.

Kwa sababu kila radi ina umbo lake, vipimo viwili havitoshi kusema dhoruba inasogea. Sekunde 24 kisha sekunde 15 zinaweza kutoka kwenye wingu lililotulia pale pale. Ninachofuata ni kipimo kifupi kuliko vyote ndani ya kila dakika tano. Hicho kikiendelea kupungua kwa vipindi vitatu au vinne, dhoruba inakuja. Na kwa usalama, sekunde 30, yaani kilomita 10, tayari ni karibu mno, kwani radi inaweza kutoka ubavuni mwa wingu na kupiga ardhi zaidi ya kilomita 10 kutoka mahali mvua inaponyesha. Ngurumo ikisikika, ingia ndani ya jengo au gari lililofungwa, na ungoje dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Mbali sana, hata ile hoja ya namba ya kwanza huanza kuyumba. Kwa kawaida hewa ya juu ni baridi kuliko ya chini, na sauti huenda polepole zaidi kwenye baridi. Matokeo yake wimbi la sauti hupinda kuelekea juu kadiri linavyosafiri, na linaweza kupita juu ya kichwa cha msikilizaji. Joto likipungua kwa nyuzi 7.5 kwa kila kilomita ya kupanda, sauti iliyoanzia kilomita moja juu ya ardhi haitasikika chini zaidi ya kilomita 13 hivi. Iliyoanzia kilomita nne juu itafika karibu kilomita 25. Kwa hiyo radi ikiwa kilomita 20 kutoka kwako, mguu wake wote hadi kimo cha kilomita 2.5 umezama kwenye kivuli cha sauti. Unachosikia ni sehemu ya juu tu, na kama sehemu hiyo imeinama kwenda upande wa mbali, namba yako itakuwa kubwa kuliko umbali halisi wa mahali pa kugusa ardhi. Vipimo vinavyozidi sekunde 40 mimi huviandika kama makadirio tu.

Upepo nao hubadilisha mipaka hiyo. Ukivuma kutoka kwako kwenda kwenye dhoruba, huikunja sauti juu zaidi, na ngurumo inaweza kukosa kusikika hata kwenye umbali ambao siku nyingine ingesikika vizuri. Kelele za mvua na miti hufanya vivyo hivyo. Mmweko usiofuatwa na ngurumo baada ya sekunde 75 huwa kwa kawaida umetokea zaidi ya kilomita 20, lakini kama upepo unavuma kwa nguvu kuelekea ulikotoka mwanga, usiuandikie umbali wowote.