Nicha bhanga: sayari iliyoanguka inaponyanyuliwa

Katika unajimu wa Kihindi kila sayari ina buruji moja ambamo inahesabika kuwa imeanguka. Hali hiyo inaitwa nicha. Jua linaanguka katika Mizani, Mwezi katika Nge, Mirihi katika Kaa, Zebaki katika Samaki, Zuhura katika Mashuke, Zohali katika Punda, na Mshtarii katika Mbuzi. Bhanga ni kuvunjika. Nicha bhanga, basi, ni pale ambapo mpangilio wa sayari nyingine katika chati unaivunja hali ya kuanguka.

Kanuni zake ni kadhaa, na vitabu vya zamani havilingani kabisa, lakini zote zinauliza jambo moja: nani ana uwezo wa kuisaidia? Wa kwanza ni mtawala wa buruji ilimoanguka, ambaye kwa sayari hiyo ni kama mwenye nyumba kwa mgeni wake. Wa pili ni sayari inayotukuka, yaani inayofikia kilele cha nguvu zake, kinyume cha kuanguka, katika buruji hiyohiyo. Wa tatu ni mtawala wa buruji ambamo sayari iliyoanguka hutukuka. Mmoja wao akikaa kwenye nguzo, yaani nyumba ya 1, 4, 7 au 10 kati ya sehemu kumi na mbili za chati, kwa kuhesabu ama kutoka lagna (buruji inayochomoza mashariki mtu anapozaliwa) ama kutoka Mwezi, anguko linasemwa limefutwa. Mwenye nyumba akikaa na mgeni wake au akimtazama, hilo nalo ni msaada.

Tuchukue tarehe 21 Desemba 2020, siku ambayo Mshtarii na Zohali zilionekana angani kama zimegusana. Kwa hesabu ya Kihindi zote mbili zilikuwa kwenye digrii ya 6 na kitu ya Mbuzi. Mshtarii huanguka kabisa katika digrii ya 5 ya buruji hiyo, kwa hiyo ilikuwa karibu na shimo lenyewe. Lakini mtawala wa Mbuzi ni Zohali, naye alikuwa nyumbani kwake, ubavuni kwa mgeni.

Mtoto aliyezaliwa Dar es Salaam siku hiyo saa tatu na nusu usiku ana lagna ya Kaa. Mbuzi ni nyumba yake ya 7, kwa hiyo Zohali amesimama kwenye nguzo. Mirihi, anayetukuka katika Mbuzi, yuko Samaki pamoja na Mwezi, na kukaa na Mwezi ni kuwa nguzo ya kwanza kutoka kwake. Masharti mawili yametimia, na yote yana nguvu. Aliyezaliwa mjini humo saa kumi na nusu alasiri ana lagna ya Ng'ombe, na Mbuzi inakuwa nyumba ya 9. Zohali hayuko tena kwenye nguzo, si kutoka lagna wala kutoka Mwezi. Huyu amebakiwa na Mirihi kando ya Mwezi, na Zohali kama jirani tu. Kufutwa kupo, ila mashahidi wamepungua. Ndiyo maana saa ya kuzaliwa isiyo ya uhakika inaharibu usomaji wote.

Sasa matokeo. Kwa mtoto wa usiku Mshtarii anatawala nyumba ya 6, ya madeni, maradhi na ugomvi, na ya 9, ya baba, walimu na bahati, naye amekaa katika ya 7, ya ndoa na ushirika. Wanajimu makini hawasemi kwamba ameshakuwa sawa na Mshtarii aliyetukuka. Wanasema mambo hayo huanza kwa upungufu: mwalimu asiyefaa, au ndoa inayochelewa. Baadaye hutengemaa kwa njia ya Zohali, yaani kwa subira, kazi na watu waliomzidi umri. Wapo wanaoliita jambo hili raja yoga, mpangilio wa kifalme, mara tu wanapoona sharti moja limetimia. Nadhani wanawadanganya watu. Jina hilo linahitaji msaidizi mwenye nguvu kweli, na hata hapa kuna doa: sayari mbili zikikaribiana chini ya digrii 1 husemwa ziko vitani, na hizi zilitengana kwa takriban sehemu ya kumi ya digrii.

Lipo pia suala la wakati, ambalo wengi hulisahau. Sayari hutoa matunda yake katika dasha, zamu yake ya kutawala maisha. Kwa nafasi ya Mwezi wake, mtoto huyu ameanza na dasha ya Zohali ya miaka 19, na zamu kuu ya Mshtarii kwake ni ya mwisho kabisa, baada ya miaka 100 na zaidi. Hataiona, ila akijaaliwa umri wa ajabu. Atakachokipata mapema ni zamu ndogo ya Mshtarii ndani ya ile ya Zohali, karibu miaka 2 na nusu, kuanzia anapokaribia miaka 16 hadi anapovuka kidogo 18. Mnajimu anayemsomea ataitazama miaka hiyo kwanza, na mambo ya walimu na masomo ya juu ndiyo atakayoyauliza kabla ya ndoa.