Kwa nini namba za RANDBETWEEN hazitulii, na unazizuiaje?

"Nimeweka RANDBETWEEN inipe namba za bahati nasibu kati ya 2 na 241. Kila nikiandika kitu chochote, hata kwenye seli ya mbali, namba zote zinabadilika. Nifanyeje zibaki vilevile?"

Zinakili seli hizo, kisha uzibandike palepale kama thamani tupu, bila fomula. Kwenye Excel chagua seli, bonyeza `Ctrl+C`, halafu `Ctrl+Alt+V`, kisha herufi `V` na `Enter`. Kwenye Google Sheets ni `Ctrl+C`, kisha `Ctrl+Shift+V`. Tangu hapo seli ina namba tu, na namba haina cha kukokotoa.

Chanzo chake kiko kwenye namna lahajedwali inavyofanya kazi. Kwa kawaida programu haikokotoi upya kila kitu. Inaweka kumbukumbu ya seli ipi inategemea ipi, ukibadilisha `A1` inagusa zile tu zinazoitegemea `A1`. RANDBETWEEN haiingii katika utaratibu huo. Mipaka yake, 2 na 241, haibadiliki kamwe, kwa hiyo kama ingesubiri mpaka mipaka iguswe, ingetoa namba moja na kunyamaza nayo milele. Ndiyo maana imewekewa alama ya kukokotolewa kila mara hesabu yoyote inapofanyika, sawa na `RAND`, `NOW` na `TODAY`. Ukiandika neno, ukifuta seli, ukibonyeza `F9` au ukifungua faili, inapiga kura upya. Hata lile swali la Excel, kama unataka kuhifadhi mabadiliko wakati umefungua faili na kuliangalia tu, mara nyingi linatokana na fomula za aina hii: kwa programu, faili limeshabadilika.

Tuchukue kazi yenyewe. Una orodha ya risiti 240, kuanzia mstari wa 2 hadi wa 241, na unataka kuchagua tano za kukagua bila upendeleo. Kwenye `D2` hadi `D6` unaandika:

```
=RANDBETWEEN(2,241)
```

Mipaka yote miwili imo ndani: 2 inaweza kutoka, na 241 pia. Ukiigeuza mipaka, kubwa ikatangulia, Excel inakupa `#NUM!`. Kisha kwenye `E2` unaleta risiti yenyewe:

```
=INDEX(A:A,D2)
```

Tuseme `D2` inaonyesha 87. Unachukua risiti ya mstari wa 87, unaikagua, unaandika "sawa" kwenye `F2`. Papo hapo `D2` inakuwa 153, na ule "sawa" wako sasa umekaa pembeni ya risiti ambayo hujaigusa. Hapa ndipo kazi ya watu inapoharibika kimyakimya, kwa sababu hakuna ujumbe wa kosa unaotokea. Gandisha namba kabla hujaanza kukagua, wala usisubiri umalize.

Kuna jambo moja linalowatia watu wasiwasi wanapobandika. Ukinakili `D2:D6` na kubandika thamani kwenye safu ya `G`, utaona namba za `G` hazifanani na za `D`. Hujakosea. Kubandika nako ni badiliko, kwa hiyo mara tu baada ya namba kutua `G`, zile fomula za `D` zimekokotolewa upya. Namba zako ni za `G`. Ili kuepuka mkanganyiko, bandika juu ya fomula zenyewe. Kutambua kama umefanikiwa ni rahisi: simama kwenye seli utazame mstari wa fomula juu. Ukiona `87` badala ya `=RANDBETWEEN`, imeganda.

Kama ni seli moja tu, Excel ina njia fupi zaidi. Simama kwenye seli, bonyeza `F2`, kisha `F9`, kisha `Enter`. Ile `F9` ikibonyezwa ukiwa ndani ya fomula huigeuza kuwa jibu lake.

Wengine hukimbilia kuzima ukokotoaji wa moja kwa moja, kwenye `Formulas`, `Calculation Options`, `Manual`. Mimi sikushauri. Unagandisha faili zima kwa ajili ya seli tano: jumla zako nazo zinaacha kujisasisha, na unaweza kusoma jumla ya zamani ukidhani ni ya sasa. Tena Excel kwa kawaida hukokotoa upya kabla ya kuhifadhi hata ukiwa kwenye `Manual`, kwa hiyo namba zitabadilika tu ukihifadhi. Google Sheets haina kabisa chaguo la kuzima hivyo.

Ukitaka fomula ibaki lakini itii amri yako, ipo njia ya seli inayojirejelea yenyewe. Andika hivi kwenye `D2`:

```
=IF($H$1="piga",RANDBETWEEN(2,241),D2)
```

Kabla ya hapo ruhusu ukokotoaji wa kurudia: kwenye Excel ni `File`, `Options`, `Formulas`, `Enable iterative calculation`, kwenye Google Sheets ni `File`, `Settings`, `Calculation`, `Iterative calculation`. Ukiandika "piga" kwenye `H1`, namba mpya inatoka. Ukifuta neno hilo, seli inashikilia namba iliyokuwa nayo wakati huo. Kumbuka tu kwamba namba inabadilika unapoweka "piga", na tena kila unapogusa kitu neno likiwa bado lipo, hivyo soma namba baada ya kulifuta. Udhaifu wake ni mwingine: ukihariri fomula ya `D2` wakati `H1` iko tupu, namba inapotea na kuwa 0. Na ruhusa hiyo ikiwashwa, Excel haikuonyi tena ukitengeneza fomula inayojirejelea kwa bahati mbaya mahali pengine. Kwa kumbukumbu ya ukaguzi, thamani iliyobandikwa ni salama zaidi.

Kuna wanaotumia `RAND`, inayotoa desimali kati ya 0 na 1, badala ya RANDBETWEEN, na hapo mtego uko kwenye kuigeuza iwe namba nzima. Chukua namba kati ya 1 na 6. Fomula hii inaonekana sawa:

```
=ROUND(RAND()*5+1,0)
```

Lakini ili 1 itoke, hesabu lazima iangukie kati ya 1 na 1.5, nusu hatua tu. Ili 2 itoke ina kuanzia 1.5 hadi 2.5, hatua nzima. Kwa hiyo 1 na 6 hutoka nusu ya mara ambazo 2, 3, 4 na 5 hutoka. Iliyo ya haki ni hii:

```
=INT(RAND()*6)+1
```

Turudi kwenye zile risiti, maana kugandisha hakuondoi tatizo la namba kujirudia. RANDBETWEEN haikumbuki ilichotoa seli ya juu. Kwa risiti 5 kati ya 240, uwezekano wa mbili kugongana ni kama asilimia 4. Kwa risiti 20 unapita nusu. Ukihitaji nyingi, acha RANDBETWEEN: jaza `=RAND()` pembeni ya mistari yote 240, zigandishe kwa kubandika thamani, panga orodha nzima kwa safu hiyo, kisha chukua 20 za juu. Ukipanga kabla ya kugandisha, orodha itachanganyika vizuri, ila safu ya `RAND` itajikokotoa upya mara tu baada ya kupanga na itaonekana kana kwamba haikupangwa.