Hisa Kumi Zinaposhuka kwa Pamoja

Tarehe 13 Machi 2020, siku Kenya ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, biashara katika Soko la Hisa la Nairobi ilisitishwa baada ya faharasa ya NSE 20, kipimo cha bei za hisa za kampuni 20, kushuka kwa zaidi ya asilimia 5. Mteja wangu mmoja, mama wa Kizingo, Mombasa, alinipigia simu kuuliza: ikiwa nilimshauri agawanye akiba yake katika hisa za benki, simu, saruji na vinywaji, mbona zote zilikuwa zikianguka pamoja?

Jibu limo katika hesabu. Chukua hisa 10 zenye uzito sawa, kila moja ikiwa na mtikisiko, yaani kadiri bei inavyoyumba juu na chini, wa asilimia 20 kwa mwaka. Uwiano wa mienendo yao huwa 1 zikienda pamoja kabisa; ukiwa 0.2, yaani kila hisa karibu yaenda njia yake, mtikisiko wa mfuko mzima wa hisa hizo ni takriban asilimia 10.6 tu. Taharuki ikiingia, tuseme mtikisiko wa kila hisa upande hadi asilimia 40 na uwiano ufike 0.8; mfuko sasa utatikisika kwa asilimia 36.2. Kila hisa imetikisika mara 2, ila mfuko umetikisika zaidi ya mara 3. Hata ukinunua hisa 1,000, kwa uwiano huo hutashuka chini ya asilimia 35.8.

Uwiano hupanda kwa sababu muuzaji ni mmoja. Siku za kawaida hisa ya benki hufuata habari za benki, na ya saruji habari za ujenzi. Siku ya taharuki bei hufuata shida ya anayehitaji fedha taslimu. Mifuko ya kigeni, ambayo ina sehemu kubwa ya biashara ya soko letu, huuza kwanza kile chenye wanunuzi, na ndiyo maana kampuni imara nazo huporomoka. Mwezi huo hata dhahabu iliuzwa kwa siku kadhaa.

Mama huyu alikuwa pia na nyumba za kupangisha watalii Nyali, alizozijenga kwa mkopo. Safari za ndege za kimataifa zilipositishwa tarehe 25 Machi, kodi ilikatika, na mwezi wa Aprili akalazimika kuuza hisa kwa bei ya hasara ili alipe benki. Kosa nalihesabu kuwa langu, kwa kuwa nilitazama hisa zake bila kutazama deni.

Kinachosaidia wakati huo ni mali ambayo malipo yake hayamngojei mnunuzi wa siku hiyo. Matumizi ya mama huyu pamoja na marejesho ya mkopo ni shilingi 80,000 kwa mwezi, kwa hivyo tuliweka kando 960,000, za mwaka mzima, katika dhamana za serikali za siku 91, 182 na 364, ziive kwa zamu. Hatifungani za miaka mingi tuliziepuka kwa fungu hili, kwani riba ikipanda bei yake hushuka, na mwaka 2022 huko Marekani zilianguka sambamba na hisa. Hisa zilizosalia hazijaguswa hadi leo.