Vidole vinakufa ganzi usiku: maswali na majibu

Naamka usiku wa manane vidole vimekufa ganzi na vinachoma kama sindano. Nikikung'uta mkono inaisha. Ni nini hiki?

Mara nyingi ni neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono. Kabla sijaendelea, usiku wa leo ukiamka angalia jambo moja: ni vidole vipi? Kama ni gumba, cha shahada, cha kati na upande wa kidole cha pete unaotazama cha kati, huku kidole cha mwisho kikiwa salama, umeshanipa nusu ya jibu. Neva hiyo ndiyo inayohudumia vidole hivyo. Kidole cha mwisho kina neva yake nyingine inayopita njia tofauti.

Neva hii huingia kiganjani kupitia upenyo mwembamba. Chini na ubavuni mwa upenyo kuna mifupa ya kifundo, na juu yake umetandazwa utepe mgumu usiovutika. Ndani humo neva hailali peke yake, inabanana na kano 9 za kukunja vidole. Kano zikivimba kidogo tu hakuna pa kupanuka, kwa hiyo kinachominywa ni kile kilicho laini kuliko vyote, yaani neva.

Mbona ni usiku tu? Mchana nafanya kazi na sisikii kitu.

Kwa sababu usingizini hujui mkono wako umelala vipi. Wengi wetu hulala tumekunja kifundo, mkono chini ya shavu au chini ya mto. Kifundo kikikunjwa, shinikizo ndani ya upenyo ule hupanda na damu inayolisha neva hupungua. Neva yenye njaa ya damu hupiga kelele, na kelele zake ndizo hizo sindano. Ukikung'uta mkono kifundo kinanyooka, damu inarudi na kelele zinakoma. Baadaye utaanza kuzisikia mchana pia, ukishika simu kwa muda mrefu au usukani.

Nimeambiwa damu haitembei vizuri. Nafunga kifundo kwa bandeji ya kubana na kukichua kwa nguvu kila jioni.

Tafadhali acha, leo. Tatizo ni kwamba neva inabanwa, nawe unaongeza kitu cha kuibana kutoka nje. Naona wagonjwa wanakuja na alama za bandeji kwenye ngozi na vidole vimezidi kuwa vizito. Vidonge na sindano za vitamini navyo havipanui upenyo. Vinamsaidia aliyepungukiwa na vitamini hizo. Wewe vinakupotezea miezi.

Ilinisumbua mwaka mzima, lakini siku hizi sindano zimepungua na nalala vizuri. Si nimepona?

Inawezekana, ikiwa vidole vinahisi kama zamani na gumba lina nguvu zake. Kama sivyo, hujapona, na hapa ndipo tunapowapoteza watu wengi.

Neva inayobanwa kidogo hulalamika. Neva inayokufa hunyamaza. Sindano zikipungua lakini ncha za vidole zimebaki nzito, kama umevaa glavu usiku na mchana, ukimya huo ni dalili mbaya kuliko kelele za mwanzo.

Mama mmoja fundi cherehani alikuja kwetu akiwa na miaka 46. Alikuwa ameamshwa na ganzi kwa miaka miwili, akachuliwa, akafungwa bandeji, akachomwa sindano za vitamini. Kisha usiku ukatulia, akafurahi. Hakuja kwa sababu ya ganzi. Alikuja kwa sababu sindano ya kushonea ilikuwa inamponyoka bila yeye kujua, na vifungo vya blauzi alikuwa akifungiwa na binti yake. Nilimwomba aweke viganja vyote viwili juu ya meza. Kile kinyama kinachotuna chini ya gumba kilikuwa kimejaa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia kilikuwa kimebonyea. Alifanyiwa upasuaji. Maumivu yaliisha na hisia zilirudi kiasi, lakini nguvu za gumba hazikurudi zote. Angekuja mwaka wa kwanza, pengine gango la kunyoosha kifundo usiku peke yake lingetosha.

Kwa hiyo narudia: vidole vikibaki na ganzi bila sindano, hujapona. Nenda ukapimwe.

Nitajuaje kama nimechelewa?

Linganisha vinyama vya chini ya magumba kwenye mwanga mzuri. Kisha weka kiganja kimetazama juu, inua gumba lielekee dari na umwombe mtu alisukume chini taratibu. Kama upande mmoja unashindwa kirahisi, kama umeanza kuangusha vikombe, au kama ganzi haiondoki hata mchana, usisubiri mwezi uishe. Nenda wiki hii.

Kliniki wanaweza kukuambia ukutanishe migongo ya viganja, vidole vikielekea chini, kwa sekunde 60 waone kama sindano zinaamka. Jaribio hilo husaidia, ila halimalizi shauri; pakiwa na shaka kuna kipimo cha umeme wa neva. Mwambie mhudumu kama una kisukari, tezi ya shingo au baridi yabisi, maana yote hayo huchangia. Na kama miguu nayo inachoma, pima sukari bila kuchelewa.

Ganzi iliyokuja ghafla upande mmoja wa mwili, mdomo ukapinda au maneno yakawa mazito, si habari ya kifundo. Hiyo ni dharura ya kiharusi, hospitali saa hiyo hiyo.

Usiku wa leo nifanye nini?

Lala kifundo kikiwa kimenyooka. Gango la kifundo lina bapa gumu upande wa kiganja na mikanda ya kufunga. Livae kila usiku kwa wiki 6 hivi kabla hujasema halifai. Usiku mbili hazitoshi kuhukumu. Vidole viwe huru kukunja, na mikanda ipitishe kidole chako chini yake. Ukilikaza hadi mkono uvimbe, umerudi kwenye bandeji ileile niliyokukataza.

Mchana punguza kazi ya kushika kwa nguvu huku kifundo kimekunjwa, na mikono iliyo kwenye mashine zinazotetemeka ipumzishwe. Dawa za kawaida za maumivu hutuliza tu, hazifungui upenyo. Gango lisipotosha, daktari anaweza kuchoma sindano ya steroidi kwenye kifundo. Wengi hupata nafuu kwa miezi kadhaa, kisha kwa baadhi hurudi.

Naogopa upasuaji. Si watakata neva?

Kinachokatwa ni ule utepe mgumu wa juu, ili upenyo upanuke. Neva haikatwi, inafunguliwa. Mara nyingi hufanywa kwa dawa ya ganzi ya sehemu hiyo tu, na mtu hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kiganja huuma kwa wiki kadhaa, na mshiko huchukua miezi kurudi. Hatari zipo, kama kidonda kupata maambukizi, na daktari atakueleza. Lakini wanaopata matokeo mabaya ninaowaona ni wale waliofika kinyama cha gumba kimeshakwisha.

Nina mimba ya miezi saba na mikono yote miwili inanichoma.

Maji yanayojaa mwilini ndiyo yanayobana, na kwa wengi huisha wiki au miezi baada ya kujifungua. Vaa gango usiku, na utaje jambo hili kliniki ya wajawazito hata kama hujaulizwa. Mtoto akishazaliwa na ganzi ikabaki, rudi upimwe. Usiiache hadi mimba inayofuata.