Vipele vya pembezoni mwa nywele: maswali kuhusu mafuta mazito, eji kontroo na jeli

Sista, nina vipele vidogovidogo kwenye paji la uso, pale nywele zinapoanzia, mpaka kwenye mapanja. Mashavu yangu ni safi kabisa. Hii ni homoni au nini?

Mahali vilipo ndipo penye jibu. Chunusi za homoni kwa mwanamke mzima hupenda kidevu na taya. Zile za ujana husambaa paji zima, pua na mashavu. Vipele vinavyojibana kwenye ukanda wa vidole viwili chini ya nywele, na kwingine kote hakuna kitu, mara nyingi vinatokana na kile unachopaka kichwani. Mwaka 1970 madaktari wa ngozi wa Marekani waliuandika ugonjwa huu baada ya kuwachunguza watu weusi waliokuwa wakipaka pomedi, yaani mafuta mazito ya nywele, na wakauita chunusi ya pomedi.

Kinachotokea ni hiki. Kila unywele, hata kile kinywele cha malaika usichokiona, umekaa ndani ya tundu. Ndani yake kuna tezi inayotoa mafuta ya mwili, na mafuta hayo hupanda juu yakisukuma nje ngozi iliyokufa. Ukiweka pomedi mlangoni, jua la hapa Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, linaiyeyusha, inateremka, inagandisha ile ngozi iliyokufa, na tundu linazibwa kama kwa nta.

Simama karibu na dirisha mchana, ivute ngozi ya panja kwa vidole viwili kuelekea pembeni. Kama ni kuziba, utaona vipele vya rangi ya ngozi yako, vinalingana kama punje za ulezi, haviumi, na katikati ya kila kimoja kuna nukta nyeupe kwa ndani. Ukipapasa ukiwa umefumba macho, utavihisi kwa urahisi kuliko unavyoviona.

Lakini mimi natawadha mara tano kwa siku. Uso wangu unapata maji muda wote. Uchafu unatoka wapi?

Si uchafu, dada yangu, na naomba hilo liwatoke vichwani wote wanaoambiwa hawaogi. Mafuta ya mgando hayayeyuki kwenye maji. Maji yanapita juu yake yakiwa matone, kama yanavyopita juu ya jani la yungiyungi, na mafuta yanabaki palepale. Wengine wakiona hivyo huanza kusugua kwa nguvu, kwa dodoki au kwa limau na sukari. Ngozi inachubuka, kisha inaacha madoa meusi yatakayokaa miezi, na tundu bado limezibwa.

Mkebe wangu umeandikwa kwamba hauzibi ngozi. Nitajuaje kipi kizito na kipi chepesi?

Usiyategemee sana maneno ya mbele ya mkebe. Hakuna kipimo kimoja ambacho kila kiwanda lazima kikipite kabla ya kuyaandika. Geuza mkebe usome nyuma, kwa kuwa vitu hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Maji yakitajwa kwanza na nta au mafuta yakiwa mbali chini, hicho ni chepesi. Ukikuta petrolatamu, mafuta ya madini, lanolini, nta ya nyuki au siagi ya kakao katika majina matatu ya mwanzo, hicho ni kizito.

Wengi wetu tunanunua vya kupimiwa visivyo na maandishi, kwa hiyo tumia mkono. Paka kiasi cha punje ya harage mgongoni mwa kiganja, subiri dakika tano, kisha suuza kwa maji ya baridi bila sabuni. Kikitoka na ngozi ikabaki kama kawaida, paji lako litakivumilia zaidi. Maji yakijikusanya matone na mkono ukateleza, basi na mlangoni mwa tundu kitakaa hivyohivyo hadi upake shampuu.

Jeli za kawaida, zile zinazoonekana kama maji yaliyoganda, kwa sehemu kubwa hufaulu hapa. Shida yao ni nyingine: zikipakwa juu ya jana na juzi hukauka na kuacha ukoko mweupe unaowasha, na zenye spiriti nyingi hukausha ngozi. Eji kontroo ndiyo ya kuangaliwa sana. Nyingi zina nta ili zishike, na kazi yake yenyewe ni kulaza vinywele vya malaika, yaani inapakwa juu ya ngozi.

Nywele zangu ni kavu. Nikiacha mafuta zitakatika. Na harusi za Jumamosi je, niende na nywele za mbele zimesimama?

Nikueleze jinsi tulivyofanya na binti mmoja anayeuza vitenge sokoni hapa Arua. Ana miaka 24. Alikuja na vipele vya miezi minne, ukanda mzima kutoka sikio hadi sikio. Kila asubuhi alipaka mafuta ya mgando kwenye mistari ya misuko, akamaliza kwa eji kontroo, akavaa kofia ya ndani na ushungi juu yake. Usiku alilala navyo hivyohivyo.

Hatukuanza na dawa. Alifumua, akaosha kwa shampuu mara mbili mfululizo. Mara ya kwanza povu halikupanda kabisa, na hiyo ndiyo dalili kwamba mafuta yalikuwa bado yameshika. Mara ya pili likapanda. Alisuuza akiwa ameinamisha kichwa nyuma, kusudi maji ya mafuta yasipite usoni. Baada ya hapo aliosha mara moja kwa wiki. Akiwa amesukwa, alichanganya shampuu na maji kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, akapitisha kwenye mistari kwa ncha za vidole na kusuuza vizuri.

Wiki ya pili alirudi amekasirika: nywele zimekauka kama nyasi za kiangazi. Alikuwa na haki. Nilimwambia aache mafuta mazito lakini sikumpa mbadala, na hapo ndipo wengi hurudia mkebe. Nywele hulainishwa na maji, na kazi ya mafuta ni kuyazuia yasitoke. Basi akaanza kunyunyizia maji yenye gliserini, kijiko kimoja cha chai kwa vijiko kumi vya maji, akitengeneza ya siku mbili tatu tu kwa sababu huharibika. Juu yake alipaka losheni ya nywele yenye maji, kijiko kimoja cha chai kwa kichwa kizima. Mafuta hatukuyaondoa kabisa. Yalihamia kwenye ncha za nywele, akianza vidole viwili kutoka kwenye ngozi.

Eji kontroo ikabaki ya harusi tu, na baadaye akaibadilisha na jeli nyepesi. Aliipaka kwa mswaki wa zamani uliosafishwa, akigusa nywele na si ngozi, na kabla ya kulala aliifuta kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu na sabuni laini. Kofia ya ndani na foronya vilifuliwa kila wiki. Hili la kofia msilipuuze. Ile ya zamani tuliikunja mbele ya taa na ukingo wake ulikuwa unang'aa kwa mafuta. Kila alipoivaa alikuwa anajipaka upya.

Kufikia wiki ya tatu hapakutokea vipya. Vya zamani vilianza kushuka wiki ya sita, na ya nane paji likawa karibu laini. Madoa pale alipovibinya yalikuwa bado yapo.

Naweza kuharakisha kwa dawa? Fundi wa saluni aliniuzia krimu ya kuchanganya, vipele vilikauka siku tatu.

Hiyo krimu iache. Kinachokausha vipele siku tatu na kung'arisha uso mara nyingi ni steroidi, na ukiitumia kwa muda yenyewe huleta chunusi na kuifanya ngozi kuwa nyembamba. Kama umeitumia kwa wiki nyingi, vipele vinaweza kulipuka ukiacha. Usiirudie kwa sababu hiyo, nenda hospitali wakusaidie.

Kwa vipele vilivyozibwa, dawa inayofaa ni jeli ya adapalini ya asilimia 0.1. Chukua kiasi cha punje ya njegere kwa paji zima, usiku, uso ukiwa mkavu, na anza usiku mmoja ukiruka mmoja. Huchubua kidogo wiki za mwanzo, na matokeo huonekana baada ya wiki nane hadi kumi na mbili. Mjamzito au anayetafuta mimba asiitumie. Kama kuna vyenye usaha, benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 inatosha, ila huchuja rangi ya ushungi, foronya na nywele, kwa hiyo iache ikauke kabisa. Dawa zote mbili hazitashinda kama bado unaziba mlango kila asubuhi.

Vyangu viko ndani ya kichwa, katikati ya misuko, vinawasha na vingine vina usaha.

Huko ndani mara nyingi si kuziba tupu, ni tundu la unywele lililovimba. Angalia vilianza lini. Kama vilitokea siku moja au mbili baada ya kusukwa, na kila kimoja kimezunguka mzizi wa unywele uliovutwa, misuko imebana. Fumua ile ya mbele hata kama umelipia jana, maana nywele zinazovutwa hivyo mwaka hadi mwaka hukoma kuota.

Kama vinawasha kuliko kuuma, vinafanana vyote, na vipo pia mgongoni au kifuani, fikiria hamira ya ngozi, fangasi anayeishi kwa kila mtu na kula mafuta. Hapo antibayotiki huweza kuvizidisha. Shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2 husaidia: ipake mara mbili kwa wiki, iache dakika tano, suuza. Na hapa niwajibu akina mama wanaoniuliza kuhusu moo ya, mafuta yetu ya shea ya kaskazini. Ni mazuri sana kwa nywele, na ni laini kuliko siagi ya shea ya Afrika Magharibi. Lakini ni mafuta, na fangasi huyo hayabagui kwa kuwa ni ya asili. Yapakwe kwenye nywele, ngozi iachwe.

Usikae nyumbani ukibadilisha shampuu kama kuna sehemu nywele zimeng'oka, uvimbe laini unaotoa usaha, au homa. Mtoto mwenye mabaka yenye magamba na nywele zilizokatika huhitaji dawa ya kumeza, kwa sababu hayo kwa kawaida ni mashilingi. Na kaka mwenye vinundu vigumu kisogoni, vinavyoongezeka kila akinyolewa kwa wembe, aache wembe leo na aonwe mapema, wakati vinundu bado ni vidogo. Vikishaungana kuwa kovu, kuviondoa ni kazi ya kisu.