Mzee wa 1960 aliyerudishwa 1959

Mzee alifika kwenye kaunta ya mfuko wa pensheni tuliokuwa tukiutengenezea mfumo, akaweka kitambulisho chake mezani. Kitambulisho kilisema alizaliwa 1 Januari 1960. Kwenye skrini yetu alikuwa amezaliwa 31 Desemba 1959. "Kijana wangu," akaniambia, "mimi ni wa sitini. Hiyo hamsini na tisa mmeitoa wapi?"

Wenzangu walidhani karani amekosea kuchapa. Nami nilidhani hivyo, mpaka nilipochambua rekodi nyingine. Waliozaliwa kuanzia 2 Januari 1960 walikuwa sawa. Waliozaliwa miaka ya arobaini na hamsini walikuwa wamerudishwa nyuma siku moja, karibu wote. Karani hakosei kwa mpaka ulionyooka namna hiyo. Ilikuwa kazi ya kanuni za saa.

Programu iliyoingiza data haikuhifadhi tarehe kama tarehe. Iliigeuza kuwa saa kamili, yaani usiku wa manane wa Nairobi, kisha ikaondoa saa tatu ili ipate UTC, saa ya pamoja ya dunia inayofuata Griniwichi. Kwa mzee yule ikaandika hivi:

```
1959-12-31T21:00:00Z
```

Programu ya kusomea ilikuwa na toleo la zamani la hifadhidata ya kanda za saa, ile inayoitwa `tzdata`. Toleo hilo liliamini kwamba hadi mwisho wa 1959 Kenya ilikuwa mbele ya UTC kwa saa 2 na dakika 45. Ukijumlisha muda huo kwenye 21:00 unapata 23:45, na tarehe bado ni 31 Desemba. Dakika kumi na tano zikamnyang'anya mzee siku moja, na kwa sababu siku yenyewe ilikuwa ya mwaka mpya, zikamnyang'anya na mwaka.

Kanuni hiyo ya zamani haikubuniwa na mtengeneza programu. Ilitoka kwenye atlasi ya wanajimu, waliohitaji saa ya kuzaliwa ya watu wa nchi nyingi na kukusanya walichopata. Mwishoni mwa 2020 watunzaji wa `tzdata` waliisahihisha Kenya kwa kurudi kwenye matangazo ya gazeti rasmi la serikali ya kikoloni. Historia inayotumika sasa ni hii. Kabla ya Mei 1908 Nairobi inahesabiwa kwa saa ya jua lake, saa 2, dakika 27 na sekunde 16 mbele ya Griniwichi. Kisha ikawa saa 2 na nusu. Usiku wa kuamkia 1 Julai 1928 saa zikasogezwa mbele nusu saa zikafika saa 3 kamili, lakini sheria ile haikudumu, na Januari 1930 nchi ikarudi saa 2 na nusu. Mwaka 1937 ulianza na saa 2 na dakika 45. Tangu 1 Agosti 1942, katikati ya vita, ni saa 3 hadi leo.

Kwa hiyo mzee wa 1960 alizaliwa wakati Kenya imeshakaa kwenye saa 3 kwa miaka kumi na saba. Programu iliyoandika ilikuwa sahihi na iliyosoma ilikuwa imepitwa na wakati.

Chukua mfano mwingine, wa kitabu cha vipimo vya mvua cha Nairobi, Juni 1938, kilichoandikwa "saa nane mchana". Kwanza ondoa saa ya Kiswahili: saa nane mchana ni 14:00. Hatua hii hakuna programu itakayokufanyia, na ndiyo ninayoona ikirukwa mara nyingi, mtu akaingiza 08:00 na rekodi ikakosea saa sita nzima. Angalia pia siku. Kwa wazee wengi wa pwani "usiku wa Ijumaa" ni usiku unaoanza Alhamisi jua likizama. Baada ya hapo uliza mashine:

```python
from datetime import datetime
from zoneinfo import ZoneInfo
nbo = ZoneInfo("Africa/Nairobi")
print(datetime(1938, 6, 1, 14, 0, tzinfo=nbo).utcoffset())
```

Jibu sahihi ni `2:45:00`, hivyo kipimo kilichukuliwa 11:15 UTC. Mashine yenye kanuni za kabla ya masahihisho itakujibu `2:30:00`, nawe utaandika 11:30. Anayetumia saa tatu za leo kwa mazoea ataandika 11:00. Mstari mmoja wa kitabu umezaa majibu matatu, ndiyo maana kila ninapogeuza kumbukumbu za zamani naandika pembeni toleo la `tzdata` nililotumia, na maneno ya karatasi nayaacha kama yalivyo kwenye safu yake.

Kwa Tanzania uangalifu uongezeke. Watunzaji wa `tzdata` wanaahidi usahihi hasa kuanzia 1970, na kanda mbili zilizolingana tangu mwaka huo huunganishwa. `Africa/Dar_es_Salaam` siku hizi ni jina jingine tu la `Africa/Nairobi`. Ukiuliza Dar es Salaam ya 1955 unajibiwa historia ya Kenya: saa 3. Historia ya Tanganyika yenyewe imewekwa kwenye faili liitwalo `backzone`, ambalo mashine nyingi hazilisomi, nalo linasema kuanzia 1948 hadi mwisho wa 1960 ilikuwa saa 2 na dakika 45. Rekodi za faili hilo hazikuhakikiwa kwa kiwango kile kile, kwa hiyo kwa Tanganyika mimi siamini mashine peke yake. Natafuta tukio lililoandikwa pande mbili, kwa saa ya hapa na kwa saa ya Griniwichi, kama vile tetemeko la ardhi au simu ya meli, nione tofauti ni dakika ngapi.

Upo pia usiku wa manane ambao haukuwahi kutokea. Saa za Kenya zilipofika mwisho wa 31 Desemba 1936 ziliruka moja kwa moja hadi 00:15 ya 1 Januari 1937. Sasa fikiria ni wazee wangapi wasiojua siku yao ya kuzaliwa waliandikiwa 1 Januari. Mfumo unaotaka 00:00 ya siku hiyo utakataa, au utaisogeza kimyakimya. Kuigundua ni rahisi: geuza saa kwenda UTC, kisha irudishe. Ikirudi tofauti na ulivyoipeleka, haikuwepo. Kinyume chake ni usiku wa 4 Januari 1930, ambapo dakika za 23:30 hadi 24:00 zilipita mara mbili. Kwa hizo hesabu haisaidii, ni lazima karatasi iseme ni mara ya kwanza au ya pili.

Rekodi za pensheni tulizirekebisha kwa kanuni ya aliyeandika, si ya aliyesoma. Tuliongeza saa tatu kamili kwa kila moja, kisha tukaangalia safu nzima. Zote zilitua 00:00:00 bila hata moja kubaki 23:45 au 00:15, nasi tukajua tumepata kanuni yenyewe. Safu ikageuzwa kuwa ya aina ya `DATE`, isiyo na saa wala ukanda, maana cheti cha kuzaliwa kinabeba siku tu. Mzee aliporudi nilimgeuzia skrini asome mwenyewe. Akaisoma kwa sauti, tarakimu moja moja, hadi sifuri ya mwisho.